Bosi Hayupo: Mwongozo wa Kumtuliza Mteja Aliyefura

Hatua ya kwanza ya kumfundisha muuzaji kumtuliza mteja ni kumnyang'anya kila kitu kinachoweza kumtuliza mteja. Droo ya pesa ifungwe, ufunguo uondoke nao. Namba ya siri ya MoMo ibaki kichwani mwako. Na ile simu inayopokea ujumbe wa malipo usithubutu kuiacha dukani: itie mfukoni, panda gari, nenda Bugesera ukaangalie kiwanja chako. Hapo duka lako la Kicukiro litakuwa tayari kwa mafunzo.

Hatua ya pili ni bango. Andika kwa herufi kubwa kwamba mteja ni mfalme, kwa Kinyarwanda, "Umukiriya ni umwami", ulibandike ukutani nyuma ya kaunta. Chini yake, kwa kalamu nyekundu, ongeza kwamba bidhaa ikiuzwa hairudishwi. Mfalme atasoma yote mawili na kuchagua mwenyewe linalomhusu.

Hatua ya tatu ni kuniita mimi. Kazi yangu ni hiyo, kufundisha wauza duka. Mara nyingi naitwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwa sababu asubuhi ile watu wako kwenye umuganda, maduka yamefungwa hadi saa tano, na bosi anaona ni heri kupata mafunzo katika saa ambazo hazimgharimu mauzo. Ananikaribisha, ananiletea fanta, kisha ananieleza tatizo kwa sentensi ileile niliyoisikia Sonatube, Ziniya na Kabeza: "Hawa watoto hawajui kutabasamu." Watoto wenyewe wamesimama nyuma yake, wanatabasamu.

Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, RDB, iliwahi kuendesha kampeni ya huduma kwa wateja ikaipa jina zuri kabisa, Na Yombi, yaani kwa mikono yote miwili. Maduka mengi yaliielewa. Mhudumu huwa anatumia mikono yote miwili: mmoja unampa mteja bidhaa, mwingine umeshika simu ukimtafuta bosi.

Nitaeleza kisa kimoja tu, maana kinatosha. Duka silitaji. Liko njia ya kwenda Masaka, linauza vyombo vya nyumbani, na wateja wake wengi wanazungumza Kiswahili. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, lakini Kicukiro hakikusubiri sheria, kililetwa na malori. Zamani madereva walikuwa wanashusha mizigo Magerwa, Gikondo. Tangu 2019 kuna bandari kavu ya DP World kule Masaka, na gari likitoka Dar es Salaam kupitia Rusumo dereva anaweza kujikuta anangoja karatasi, na anayengoja hununua vitu.

Dereva mmoja Mtanzania alinunua birika la umeme la faranga 23,600. Akabonyeza *182*8*1* na msimbo wa duka, akaweka namba ya siri. Simu ikaganda. Mhudumu hakusikia mlio wowote, na angeusikiaje, mlio ulikuwa Bugesera. Akampigia bosi, bosi hakupokea. Basi akatamka maneno mawili yaliyozaa kesi nzima: "Jaribu tena." Dereva akajaribu tena. Baada ya robo saa bosi akapiga, akasema, "Imeingia," maana aliangalia ujumbe wa juu tu. Dereva akaondoka na birika lake. Usiku, akichemsha chai, akaona jumbe mbili. Kesho yake asubuhi akarudi kudai, na mhudumu aliyekuwa zamu hiyo alikuwa mwingine kabisa, asiyejua birika wala dereva.

Hapo ndipo matunda ya mafunzo ya bosi yalipoonekana. Mhudumu alitabasamu. Dereva akasema alilipa saa kumi na mbili jioni. Mhudumu akafungua daftari la mauzo, akatazama saa kumi na mbili, hakuna kitu. Akatabasamu tena na kusema, "Kaka, saa hiyo hakuna aliyelipa." Kwa maneno mengine: kaka, wewe ni mwongo. Kelele zilizofuata zilisikika hadi kwenye kituo cha pikipiki.

Na dereva hakuwa mwongo. Saa yake ya mkono ilikuwa bado ya Dar. Tanzania iko mbele ya Rwanda kwa saa moja, na mtu anayevuka Rusumo mara mbili kwa mwezi habadili saa kila safari. Kumi na mbili yake ni kumi na moja yetu. Malipo yake yalikuwa ukurasa uleule, vidole vitatu juu ya pale mhudumu alipokuwa anatazama.

Tuje kwenye maneno, maana hapa naombwa kila mara niwape "maneno ya kutuliza", kana kwamba ni dawa ya kikohozi. Neno la kwanza ambalo kila mhudumu wa Kigali analo tayari ni "ihangane". Ni neno jema. Unaambiwa ukifiwa, unaambiwa ukijikwaa, unaambiwa mvua ikikukuta njiani. Mhudumu akihamia Kiswahili analitafsiri kuwa "pole", na hapo anateleza. Pole inamwambia mtu kwamba baya limempata. Haisemi limetoka wapi. Mvua imekunyeshea, pole. Lakini ukimkata mtu pesa mara mbili kisha ukampa pole, anasikia kwamba pesa zake zimepotea kwa mapenzi ya Mungu. Neno linalotakiwa ni samahani, kwa sababu samahani ina mwenyewe. Bosi mwenye akili atalikataza dukani kwake. Ataona kwamba mhudumu akishasema samahani, kuna mtu wa duka aliyekosea, na huenda akatafutwa.

Neno la pili ni "tulia". Hili litumie ikiwa mteja hajakasirika vya kutosha.

Sasa igizo la kuyafanyia mazoezi. Wanahitajika watu watatu: mhudumu, mteja, na mtazamaji anayekaa pembeni na kalamu. Mtazamaji ana kazi moja tu, kuweka alama pale sauti ya mteja inaposhuka. Hatoi maoni kuhusu tabasamu. Anayecheza mteja apewe kikaratasi ambacho mhudumu hakioni, kimeandikwa sababu ya hasira ambayo mteja hataisema mpaka aulizwe. Katika kisa chetu kikaratasi kilisema: gari linaondoka saa sita. Igizo lisizidi dakika nne, maana wakizidisha wanaanza kucheka, na mteja wa kweli hachekeshwi. Lichezwe mara mbili. Mara ya kwanza mhudumu hana chochote, kama alivyo kila siku. Mara ya pili awe na vitu vitatu mezani: simu ya kitochi inayopokea ujumbe wa malipo, daftari la zamu, na ruhusa ya kutoa hadi faranga 5,000 bila kumuuliza mtu.

Mara ya kwanza siiandiki, mmeshaisikia popote mlipowahi kununua kitu. Ya pili ilikwenda hivi:

DEREVA: Nyie wezi! Jana mmenikata mara mbili!

MHUDUMU: (anaacha kupanga sahani, anamgeukia) Mara mbili? Hebu nieleze, kaka.

DEREVA: Nieleze nini? Birika hilo hapo juu, elfu ishirini na tatu na mia sita. Mwenzako kaniambia jaribu tena, nikajaribu. Zote zimekatwa!

MHUDUMU: Uliambiwa jaribu tena, ukajaribu, zikakatwa zote. Samahani, kaka, hilo kosa limefanyika hapa kwetu. Nionyeshe jumbe mbili, simu baki nayo mwenyewe. Ilikuwa saa ngapi?

DEREVA: Saa kumi na mbili jioni.

MHUDUMU: Kwa saa yako au ya hapa?

DEREVA: (anatazama mkono) Aa. Hii ya Dar.

MHUDUMU: Basi kwetu ni kumi na moja. (anapekua kitochi) Kumi na moja na dakika nne, ipo. Kumi na moja na dakika kumi na moja, ipo. Na namba za TxId ni mbili tofauti. Malipo moja ni ya birika. Hii nyingine ni pesa yako.

DEREVA: Sasa si ndiyo nasema!

MHUDUMU: Ndiyo, ulisema kweli. Mimi nina ruhusa ya kutoa mpaka elfu tano, hii imezidi, kwa hiyo nampigia bosi sasa hivi ukisikia. Asipopokea ndani ya dakika kumi nampigia mkewe, naye ana ruhusa. Gari linatoka saa ngapi?

DEREVA: Saa sita. Ya hapa.

MHUDUMU: Basi kabla ya saa nne na nusu pesa utakuwa nayo. Unaitaka mkononi au kwenye simu?

DEREVA: Kwenye simu. Mkononi nitainunulia birika jingine.

Mtazamaji aliweka alama mbili. Ya kwanza pale mhudumu aliporudia maneno ya dereva kama alivyoyasema, "jaribu tena" na yote. Ya pili, kubwa zaidi, kwenye "hii nyingine ni pesa yako". Tabasamu halikupata alama, na kwa kweli mhudumu huyo hakutabasamu hata mara moja, alikuwa anasoma namba. Mtu mwenye hasira ya pesa anataka kumwona mwenzake akihangaika na pesa ileile.

Zile namba za TxId zinahitaji maelezo kidogo, kwa sababu ndipo wahudumu wanapoogopa. Ujumbe wa malipo ukija mara mbili na TxId moja, ni malipo moja, ujumbe tu umerudiwa. TxId zikiwa mbili, malipo ni mawili. Na mhudumu asikubali kitu kwa kuona simu ya mteja peke yake, maana ujumbe wa kughushi upo: unafanana maneno yote, lakini umetumwa na namba ya mtu wa kawaida badala ya kuja kwa jina M-Money. Dawa yake haihitaji kumshuku mtu usoni. Unasoma TxId kwenye simu ya mteja, unaitafuta kwenye simu ya duka. Ikiwepo ipo, isipokuwepo unamwambia kwamba kwetu haijaonekana na unaandika namba. Ndiyo maana simu ya duka inatakiwa kuwa dukani. Naona aya hii imekuwa ya maana mno kwa mwongozo wa aina hii, basi turudi kwa bosi.

Bosi atauliza kuhusu mashine ya EBM. Hilo swali zuri, na ajabu ni kwamba analiuliza yeye tu. Tangu 2013 Mamlaka ya Mapato imekuwa ikiingiza mashine hizi madukani, na kila risiti ina kumbukumbu yake serikalini. Ikiwa mhudumu alitoa risiti moja na malipo yakawa mawili, EBM haiguswi, ile ya pili si mauzo, ni pesa ya mtu iliyopotea njia. Lakini kama kwa woga alitoa risiti mbili, basi pesa haitoki kabla ya risiti ya marejesho inayotaja namba ya risiti iliyokosewa. Bila hiyo, duka limejiandikia mauzo hewa ya 23,600, na ndani yake kuna kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, yaani 3,600, ambayo bosi atailipa kwa birika ambalo hakuliuza. Hapo bosi huwa anakaa sawa kwenye kiti.

Kitu kinachonifurahisha katika mashine hiyo ni kwamba waliotunga kanuni zake walifikiria hata mazoezi. Kuna aina ya risiti ya mafunzo, inachapishwa herufi TS, isihesabiwe kwenye kodi, ili mhudumu ajifunze kubonyeza bila kumtia mtu hasara. Mashine imepewa nafasi ya kukosea kwa mazoezi. Mhudumu akikosea mara ya kwanza, ni mbele ya dereva wa lori, na kwenye mshahara wake.

Na mshahara ndio chanzo ninachokiona mara nyingi kuliko chochote. Pesa ikipungua kwenye droo, mhudumu anakatwa. Kwa hiyo mteja anapodai, mhudumu anaona mkono unaonyooshwa kuelekea kodi yake ya chumba Gatenga. Huyo hawezi kusikiliza. Atabisha, atakana, ataita ushahidi, na utamtuma kwangu umeandika "hana adabu kwa wateja". Hoteli za Ritz-Carlton zinajulikana kwa kanuni ya kumruhusu kila mfanyakazi kutumia hadi dola 2,000 kwa mgeni mmoja kurekebisha jambo, bila kuomba ruhusa. Nilipomsimulia bosi mmoja wa Kagarama alifikiri sana, kisha akakubali kuanza na 2,000. Faranga. Nami nikakubali, kwa sababu faranga 2,000 zinatosha chenji iliyokosekana, sahani iliyopasuka na nauli ya pikipiki ya mtu uliyempa kitu kibovu, na hayo matatu yanapiga kelele kila siku.

Kuna mteja mmoja ambaye igizo hili halimfai, nami nilichelewa kumjua. Dereva wa Dar hukasirika kwa sauti, akimaliza amemaliza, kesho anakuita mdogo wangu. Mama wa Niboye hapigi kelele. Anaambiwa chenji hakuna, anasema "nta kibazo", hakuna shida, anasema "murakoze" kwa sauti ya chini, anafunga mkoba taratibu, na humwoni tena. Bosi anahesabu siku hiyo kuwa njema. Huyu ndiye mteja aliyefura kuliko wote, na dalili zake ni ndogo: shukrani imetangulia huduma, macho yako mlangoni, na bidhaa ya pili aliyokuwa ameshika imerudishwa rafuni. Kwake usimngoje alalamike. Tafuta hiyo chenji duka la jirani, au mwombe namba umtumie mia tatu zake kwa MoMo kabla hajafika kituo cha basi.

Upande wa pili kuna anayetupa vitu au kushika nguo ya mhudumu. Huyo hatulizwi, mhudumu anatoka nyuma ya kaunta na kupiga 112. Siongezi zaidi.

Kanuni za kufuatilia bosi huzipenda kwa sababu haziko popote. Desturi ni hii: mteja akitoka, kesi imefungwa. Mimi nataka iandikwe kwenye daftari la zamu kabla ya mteja anayefuata, mistari minne tu: nini kilitokea, ameahidiwa nini, saa ngapi, na nani ameahidi. Mstari wa nne ndio unaoruka siku zote, na ndio ungemwokoa yule mhudumu wa asubuhi. Akiingia zamu asome ukurasa wa jana kabla ya kufagia.

Saa iliyoahidiwa ikifika na pesa haijapatikana, mteja apigiwe hata hivyo. Mabosi wanalipinga hili kwa nguvu: kwa nini umpigie mtu umwambie huna kitu? Kwa sababu yeye yuko Masaka anatazama saa, na dakika ya thelathini na moja ya ahadi ya dakika thelathini anaanza kukuita mwizi upya, kwa madereva kumi safari hii. Apige aliyeahidi, asipigiwe na mtu mpya wa kuanza naye hadithi. Kesi ifungwe mteja anaposema pesa imeingia. Duka kusema imetuma hakutoshi. Simu ya kesho yake iwe fupi, "kaka, jana iliingia salama?", na isiishie na tangazo la sufuria mpya. Nimesikia ikiishia hivyo.

Mhudumu aliyetoka kutukanwa apewe dakika kumi nyuma ya duka, na bosi asimfuate huko. Na mwisho wa mwezi bosi ahesabu kesi kwa sababu zake, siyo kwa majina ya wahudumu. Katika duka la birika tulihesabu. Sikumbuki jumla, nakumbuka tu kwamba tulipofika kwenye safu ya "simu ilikuwa kwa bosi" mwandishi aliishiwa nafasi akaendelea nyuma ya karatasi.

Zoezi la mwisho nililifanya hapo hapo. Nilimwomba bosi acheze mhudumu. Akakubali kwa furaha, akavua koti, akasimama nyuma ya kaunta yake mwenyewe. Binti wa zamu ya asubuhi akacheza dereva, na sijui alikuwa ameyaweka wapi yale matusi miezi yote hiyo. Bosi akatabasamu. Akasema pole. Akasema tulia. Kisha akanyoosha mkono kutafuta simu ya malipo, mtazamaji akamwambia simu haipo. Akaomba ufunguo wa droo. Haupo. Akatutazama wote.

"Sasa mimi nitafanya nini?"

"Mpigie bosi," binti akamwambia.

Wiki mbili baadaye nilipita kununua vijiko. Juu ya kaunta palikuwa na kitochi, kimefungwa kwa kamba kama kalamu ya benki, na kila mteja akilipa kinalia hapo hapo. Ufunguo wa droo bado uko Bugesera.